Uchambuzi wa kisa: Mhasibu wa Mtumba, bustani ya nyumbani, na kalenda ya kontenti iliyofika Desemba

Ni nani na alikuwa anataka nini

Huyu dada ni mhasibu kwenye taasisi moja ya umma hapa Dodoma, ofisi ziko Mtumba. Jina, taasisi na mtaa nimeviondoa na vitu vichache nimevibadilisha ili asijulikane, yeye mwenyewe kaisoma na kakubali itoke. Nitamwita Mhasibu. Ana watoto wawili wa shule, anaishi na mume na binti wa dada yake, na nyuma ya nyumba ana kieneo cha mboga, matuta matano na magunia kadhaa. Analima mchicha, sukuma wiki, nyanya, bamia, na mlenda ambao kwa hapa kwetu hauhitaji kuelezwa.

Anachotaka kufundisha kwenye Instagram ni jinsi ya kulima mboga nyumbani kwenye mji mkavu kama huu, ambapo mvua ni msimu mmoja tu, zinaanza Desemba hivi zinaisha Aprili, halafu mpaka Novemba ni vumbi na upepo. Ushauri mwingi wa bustani unaozunguka mtandaoni umetoka kwa watu wa Arusha au Morogoro, wao maji wanayo, kwa hiyo mtu wa Dodoma akiufuata miche inamkaukia. Ujuzi anao kweli, na watu wanamuuliza hata kwenye basi la watumishi.

Shida yake ilikuwa moja. Alikuwa ameshaanza mara mbili na mara zote mbili aliishia njiani. Mara ya mwisho alianza Aprili na ile kalenda ya kudownlodi, Jumatatu motisha, Jumanne tipsi, Jumatano swali, Alhamisi sijui nini mpaka Jumapili, yaani kila siku posti. Mwezi wa kwanza aliposti karibu kila siku. Mwezi wa pili ikawa mara mbili kwa wiki, Juni ikafika akanyamaza mpaka Septemba. Aliporudi akaomba radhi kwenye kepsheni, akaposti tatu, akanyamaza tena. Alipokuja kwangu Novemba alisema hivi: "Kaka, mi nadhani sina nidhamu."

Nikamwambia dada hebu niambie Juni ofisini kwenu kunakuaje. Akacheka. Juni ndo mwaka wa fedha unafungwa, tarehe 30, na mhasibu wa serikali mwezi ule harudi nyumbani na jua. Kwa hiyo alikuwa ameanza kitu cha kila siku wiki chache tu kabla ya mwezi mgumu kuliko yote kwenye kazi yake, na hakuna mahali kalenda ile iliuliza habari za tarehe 30 Juni.

Tulianza na masaa, mada zikasubiri

Watu wengi wakikaa kupanga kalenda ya mwaka wanaanza kuorodhesha mada, wanapata hamsini au mia, wanafurahi. Mada hazijawahi kuwa tatizo la mtu mwenye kazi. Tulichukua kalenda ya ukutani ya mwaka unaokuja na kalamu za rangi tatu, na yeye ndo akapaka, maana mi siijui kazi yake.

Nyekundu zilikuwa wiki ambazo jioni haipo kabisa: Juni yote, sehemu ya Julai, na Septemba, kwa sababu hesabu za mwaka zinatakiwa zikabidhiwe kwa ukaguzi ndani ya miezi mitatu baada ya mwaka kufungwa, kwa hiyo mwisho wa Septemba ni moto. Njano ni wiki za kawaida zenye presha, Februari mpaka Aprili kwenye mambo ya bajeti, Agosti, halafu Oktoba na Novemba mwanzoni wakaguzi wanapokuwa ofisini wanaomba vocha. Kijani zikabaki Januari, Mei, mwisho wa Novemba na Desemba. Ukihesabu kwa wiki: nyekundu 12, njano 22, kijani 18.

Halafu nikamuuliza posti moja inamchukua muda gani, akasema kama lisaa. Nikamwomba atengeneze moja ya kawaida huku saa inahesabu, kila hatua anaandika. Alifanya video ya dakika moja ya kupanda mchicha. Kufikiria atasema nini dakika 20, kurekodi 50, kuediti saa 1 na robo, kepsheni 20, kutengeneza kava na kupandisha 15, kujibu kamenti siku zilizofuata 40. Jumla saa 3 na dakika 40. Mwenyewe alishangaa, kwa sababu kichwani alikuwa anahesabu kurekodi tu, na kamenti hakuwahi kuzihesabu kama kazi.

Tukapima na aina zingine mbili. Posti ya picha nne tano zenye maelezo ilichukua saa 1 na dakika 10. Jibu fupi la swali la mfuasi, picha moja na aya mbili, nusu saa.

Hapo ndo hesabu ikaanza kuwa ya kweli. Wiki ya kijani alisema anaweza kutoa masaa 4, Jumamosi asubuhi na kidogo Jumatano jioni. Njano masaa 2 na nusu. Nyekundu nusu saa, na hiyo nusu saa tuliiweka kwa ajili ya kamenti tu. Ukizidisha unapata masaa 133 kwa mwaka mzima. Tukatoa moja ya tano ya misiba, homa za watoto, safari na umeme kukatika, yakabaki kama 106. Mtu ambaye hajawahi kuona namba hii ya kwake anaweza kujiahidi chochote. Ile kalenda ya kila siku, hata kama zote 365 zingekuwa majibu mafupi ya nusu saa, ilikuwa inadai masaa 182. Hakukosa nidhamu, alikosa masaa, na hiki ni kitu ambacho mhasibu akionyeshwa kwa namba anaelewa haraka kuliko mtu yeyote.

Maamuzi yaliyofanyika na kwa nini

*Posti moja kwa wiki, basi.* 52 kwa mwaka. Hesabu ya kwanza tulijaribu video 24, picha 16, majibu 12, ikazidi masaa kwa saba hivi. Kuna kishawishi hapo cha kusema "tutarekodi kwa mkupuo tutaokoa muda", na ni kweli kurekodi video tatu kwa asubuhi moja kunaokoa, lakini faida hiyo hatukuwa tumeiona kwa macho kwa mtu huyu, tukakataa kuihesabu. Tukashusha mpaka video 20, picha 20, majibu 12. Masaa karibu 103. Ikaingia, kwa kubana.

Yeye aliona posti moja kwa wiki ni aibu, wenzake wanaposti kila siku. Nilichomweleza ni kwamba mtu anayejifunza kulima mchicha hana haja ya masomo saba kwa wiki, mchicha wenyewe unakaa wiki tatu mpaka nne kabla hajaanza kuvuna.

*Kalenda mbili.* Kwenye kisa hiki naona huu ndo uamuzi uliobeba mwaka. Kontenti ya kilimo ina ugumu ambao mtu wa mapishi hana. Mapishi unaweza kupika leo ukarekodi leo. Nyanya haikusubiri. Mbegu inachomoza mara moja, ua linatoka kwa wakati wake, na kama siku ile hukurekodi utasubiri zao lingine. Halafu kuna mtazamaji, yeye anahitaji somo la kitalu *kabla* hajasia mbegu. Ukimwonyesha kitalu chako siku unayosia wewe, na kuediti kukachukua wiki mbili, somo linamfikia wakati kila mtu ameshapanda au ameshachelewa. Kwenye posti zake za zamani ilikuwa hivo, somo la kitalu cha nyanya lilitoka Mei, watu wakakamenti "asante nitajaribu mwakani".

Kwa hiyo tukachora mistari miwili kwenye kalenda ileile. Mstari wa juu ni wa *kurekodi*, unafuata mmea. Mstari wa chini ni wa *kuposti*, unafuata mtu anayetaka kupanda. Kati ya mistari hiyo kila somo lina umbali wake.

Mfano wa nyanya ulikuwa hivi. Kwa hapa nyanya za nyumbani anazipenda zikue baada ya mvua kupungua, kwa sababu kwenye mvua bakajani linamaliza majani. Anasia Machi, miche inahama kama wiki ya nne au ya tano, mavuno ni Julai kwenda Agosti. Mtazamaji anapaswa kuona somo la kitalu mwishoni mwa Februari. Mwaka wa kwanza unalitoaje somo la Februari la kitalu cha Machi? Yeye ndo alipata jibu: akasia kibeseni kimoja cha miche mwanzoni mwa Januari, wiki ya kijani, kwa ajili ya kamera tu. Beseni lililotobolewa chini, udongo na samadi iliyooza, mbegu za pakiti ndogo. Katikati ya Februari alikuwa na klipu za kusia, kuchomoza, kupunguza miche iliyobanana, na mche ulio tayari kuhama, na somo likatoka wiki mbili kabla watu hawajahitaji. Miche ile ya beseni aliihamishia kwenye tuta na mvua zikaiharibu kama ilivyotarajiwa, majani yakapata mabaka ya kahawia, akarekodi na hilo. Likawa somo la kutambua bakajani, ambalo asingekuwa nalo kama angelima kwa usahihi tu.

*Klipu tatu za asubuhi.* Kila asubuhi kuna kumwagilia, na anayemwagilia ni yeye au binti. Sheria ikawa anayemwagilia anachukua klipu tatu za sekunde kumi, simu imesimama wima, hata kama hakuna kipya. Zinaingia kwenye albamu ya zao husika. Mwanzoni alikuwa anazituma kwenye WhatsApp yake mwenyewe ili asizipoteze, tukaacha hiyo, maana WhatsApp inabana video na ukija kuiediti imeshakuwa ukungu.

*Akiba, na nini kinahesabika kuwa akiba.* Kabla ya Juni alitakiwa awe na posti 8 zilizokamilika. Tulikubaliana kukamilika ni kitu kimoja: video imeeditiwa, kepsheni ipo, kava ipo, na imepangwa tarehe ndani ya Instagram kabisa. Akaunti ya kitaaluma inaruhusu kupanga mpaka siku 75 mbele, kwa hiyo ukipanga tarehe 25 Mei unafika mpaka tarehe 8 Agosti. Klipu iliyoko kwenye simu haihesabiki, na "nimebakiza kuweka maandishi" haihesabiki.

*Deni halilipwi.* Wiki ikipita bila posti, wiki inayofuata inatoka posti ya wiki hiyo. Ile iliyokosa inarudi kwenye kapu la mada. Hakuna kuposti mbili, na hakuna kepsheni ya kuomba radhi. Nimeona watu wengi wanakufa hapa, wamekosa wiki mbili, wanajiona wana posti tatu za kutoa Jumamosi moja, wanaahirisha, zinakuwa tano, wanaacha.

Mwaka ulivyokwenda

Januari na Februari zilienda vizuri bila hadithi. Machi ikawa na kasi ndogo lakini ikatoka.

Aprili kulikuwa na msiba upande wa mume, Kondoa, akakaa huko karibu wiki mbili. Alikuwa na posti mbili zimekamilika, zikatoka zenyewe. Aliniambia baadaye kwamba pale ndo aliamini mpango, maana mara zote zilizopita msiba ulikuwa unamaliza kila kitu.

Mei ndo tatizo kubwa la kwanza lilijitokeza. Tarehe 20 tulipohesabu akiba alikuwa na 5 badala ya 8. Klipu alikuwa nazo nyingi mno, za video kama tisa. Zilizokosekana ni masaa ya kuediti, maana Jumamosi alikuwa anapenda kurekodi, kuko nje, watoto wako pale, kunafurahisha, na kuediti kunabaki kwa ajili ya usiku ambao haupo. Tungesema "jitahidi wiki hii" angeingia Juni na 5. Badala yake tukazigeuza video tatu kuwa posti za picha: ukichukua klipu ukakata picha tano nzuri ndani yake, ukaandika maelezo, ni saa moja na kidogo badala ya zaidi ya tatu. Tarehe 25 zote 8 zilikuwa zimepangwa.

Juni na Julai posti zikatoka kila wiki na yeye yuko ofisini mpaka saa 3 usiku. Kwa macho ya mfuasi kila kitu kilikuwa sawa. Ila chini ya posti hakukuwa sawa, na hapa nataka nikae kidogo.

Posti iliyopangwa inatoka bila mwenyewe. Watu wakauliza maswali kwenye somo la kantangaze, yule mdudu anayechimba majani na matunda ya nyanya, na kwa siku tisa hakuna aliyejibu. Ile nusu saa ya wiki nyekundu ilikuwepo kwenye karatasi, Juni iliila. Mtu mmoja akajibu kwa niaba yake, akashauri watu wapulizie dawa ya kuulia wadudu wa ndani ya nyumba, kwenye nyanya zinazoliwa, na jibu lile likapata laiki nyingi kuliko somo lenyewe. Mhasibu alilikuta Jumapili usiku, akalifuta na kuandika kwa nini ni hatari. Hatujui nani alishafuata.

Wiki nyingine ikatoka posti ya kumwagilia asubuhi na jioni kwa mpira, wakati mitaa mingi ilikuwa kwenye mgao wa maji. Imetengenezwa Mei, maji yapo. Ikatoka Julai, watu wanabeba ndoo. Kamenti hazikuwa nzuri, na walikuwa na haki.

Tulirekebisha vitu viwili katikati ya Julai. Cha kwanza, chini ya kila posti akabandika kamenti yake ya kwanza: "Maswali yote najibu Jumapili jioni", na ile nusu saa ikahamishiwa Jumapili kabisa, binti akapewa kazi ya kuangalia kila jioni kama kuna ushauri wa dawa uliowekwa na mtu mwingine na kuuficha mpaka Jumapili. Cha pili, Jumapili hiyohiyo anaangalia posti ya wiki inayokuja kwa dakika tano na swali moja tu: kuna kitu mjini kimebadilika kinachofanya hii ionekane vibaya? Kama kipo, anabadilishana na ya wiki nyingine.

Agosti ikaja Nanenane, viwanja vya Nzuguni viko karibu na kwake. Haikuwa kwenye kalenda. Akavutiwa, akaenda siku mbili, akatoa posti nne za mabanda ya mbegu na umwagiliaji wa matone, zikapata watu wengi. Masaa tisa hivi yaliondoka. Wafuasi wapya walikuja kweli. Lakini masaa yale tisa yalikuwa ya akiba ya Septemba, na Septemba ikaanza na posti mbili tu zilizokamilika wakati zilitakiwa tano. Wiki mbili zikapita kimya. Ile sheria ya deni ikafanya kazi yake, Oktoba mwanzoni ikatoka posti ya Oktoba, bila maelezo.

Novemba alikosa wiki mbili nyingine, mtoto alilazwa. Desemba akamaliza na somo la kuandaa matuta kabla mvua hazijakolea.

Matokeo

Posti 48 kati ya 52 zilizopangwa, ukiacha zile nne za Nanenane. Ukimya mrefu kuliko wote haukuzidi wiki tatu, mwaka uliotangulia ulikuwa miezi mitatu. Wafuasi waliongezeka, sitaji idadi kwa sababu inaweza kumtambulisha, na pia kwa sababu sehemu kubwa ilitoka kwenye zile siku mbili za Nanenane na ingekudanganya kuhusu kalenda.

Masaa halisi aliyotumia, alikuwa anaandika kwenye daftari, yalikuwa 115 bila Nanenane. Yaani tulizidi makadirio kwa kama moja ya nane, na karibu yote yaliyozidi yalikuwa kwenye kuediti.

Kilichofanya kazi na kilichoshindwa

Kupanga kwa kuanzia wiki mbaya ndo kulikofanya mwaka uvuke Juni. Ukianza na wiki nzuri unapata namba ambayo inahitaji wiki zote ziwe nzuri. Hapa namba ilitokana na nyekundu 12 kwanza, halafu zingine zikawa za kuzilisha hizo. Kwa mtu mwingine wiki nyekundu zitakuwa kwingine, mwalimu ana Novemba ya mitihani na usahihishaji, mtu wa duka ana Desemba, muuguzi ana zamu zinazobadilika na pengine rangi zake zinatakiwa zipakwe kwa mwezi, siyo kwa mwaka. Lazima mwenye kazi apake mwenyewe, na apake akiwa na kumbukumbu za mwaka uliopita mbele yake, siyo kwa hisia.

Tafsiri kali ya akiba nayo ilifanya kazi. Mei ile, kama klipu zingehesabika, angesema ana 14 na angelala usingizi. Dalili ya kuangalia ni hii: klipu zinaongezeka kwenye simu na vilivyopangwa haviongezeki. Ukiona hivo kwa wiki tatu mfululizo, usiongeze kurekodi, simamisha kabisa Jumamosi moja na uediti tu.

Kilichoshindwa zaidi ni kuichukulia kamenti kama jambo la pembeni. Tulizihesabu dakika 40 kwenye kila video, sawa, lakini hatukuzipa siku wala mtu. Kwa mada ambayo inagusa sumu, dawa au pesa, mi naona bora kupunguza posti kuliko kuacha chini yake kukawa uwanja wa kila mtu. Kama Juni huna hata nusu saa, zuia kamenti kwenye masomo ya dawa, au masomo ya dawa usiyapange Juni.

Mgawanyo wa aina za posti pia haukuwa sahihi. Ukiangalia posti ambazo watu walizisevu na kutumiana, majibu ya maswali na picha zenye maelezo zilienda sawa na video, wakati mwingine zikazidi, na video inakula masaa mara tatu. Nadhani sababu ni kwamba mtu aliye shambani na simu anataka kuangalia picha ya jani lenye ugonjwa alinganishe na lake, na video inamlazimisha kurudisha nyuma. Kwa hiyo mwaka wa pili umepangwa video 12, picha 24, majibu 16, na masaa yanashuka kwenye 80. Masaa kama 12 tumeyaacha wazi kwa makusudi, yameandikwa "Nanenane au kitu kingine", na yako kwenye kalenda *nje* ya yale ya akiba ya Septemba. Tukio kama lile litakuja tena, na ni vizuri aende, ila lisilipwe na mwezi mwingine.

Kuna kitu kimoja lazima kisemwe kwa haki. Binti aliyekuwa anashika simu Jumamosi na kuangalia kamenti jioni hakuwa kwenye hesabu yetu ya masaa hata kidogo. Nikikadiria, ametoa masaa yasiyopungua 40. Mtu anayeishi peke yake akichukua namba za kisa hiki kama zilivyo zitamwangusha, aanze na posti mbili kwa mwezi. Mwaka huu binti analipwa kidogo kila mwezi na bando lake, na masaa yake yana mstari wake kwenye daftari.

Na kisa hiki hakimfai mtu wa habari, michezo au siasa, ambaye posti ya wiki sita zilizopita ni takataka. Akiba inawezekana hapa kwa sababu mchicha unaota vilevile mwaka huu na mwakani.

Kalenda ya mwaka wa pili

Faida iliyochelewa kuonekana ni ya ile mistari miwili. Mwaka wa kwanza ilibidi asie beseni la kamera ili apate kitalu cha Februari. Mwaka wa pili anazo tayari klipu za zao zima la nyanya tangu mbegu mpaka kuvuna, kwa hiyo somo la Februari limeshapangwa na hakurekodi chochote kipya isipokuwa utangulizi wa sekunde kumi.

Tulipopitia video za zamani kuona zipi zinaweza kutoka tena, kilichoziharibu nyingi kilikuwa kitu kimoja, bei. Alikuwa anataja kwa mdomo bei ya pakiti ya mbegu na ya gunia la samadi, na bei zikabadilika, video ikawa haifai tena bila kurekodiwa upya. Sasa bei haitajwi kwenye video kabisa. Inakaa kwenye kepsheni, ambayo anaihariri kwa dakika mbili ile Jumapili anapoangalia posti ya wiki inayokuja. Mambo mengine yanayohamia kwenye kepsheni ni jina la duka, ratiba ya maji ya mtaa, na tarehe ya mvua kuanza, na tumeanza kuandika orodha hiyo kwenye kurasa ya kwanza ya daftari kwa ajili ya binti, maana kuanzia Machi yeye ndo ataediti zile za picha.